Radhi Niliyoiandika Vizuri Mno

Shangazi yangu ana duka la vitenge mtaani Bukoto, na ulimi wake ni uleule aliotoka nao Kongo. Wateja walipoanza kulalamika kwa WhatsApp, alinikabidhi simu ya duka. Yeye anasema jibu, mimi nalivisha adabu. "Anatusumbua tu" nikaigeuza "Tunashukuru kwa kutujulisha." Ilinichosha, na hakuna aliyeniambia asante.

Jumatatu moja mteja alituma picha. Alinunua kitenge cha wasimamizi sita wa harusi ya mdogo wake, harusi ni Jumamosi, na vipande viwili vilikuwa vimepauka kuliko vingine. Tofauti ilionekana wazi.

Shangazi aliitupia jicho simu huku akipima kitambaa. "Umuambie rangi ni ile ile. Macho yake ndo iko mubaya. Kama hapendi, aende kutafuta kwa soko ya Owino."

Damu ilinichemka. Nikaandika: "Tunaomba radhi. Vipande viwili tulikukatia kutoka jora jingine bila kulinganisha rangi, na kosa hilo ni letu. Alhamisi kabla ya saa sita mchana tutakuletea vipande viwili vya rangi sahihi hapo kwako, na hivyo vilivyopauka tutavichukua."

Kosa limetajwa, kisingizio hakuna, siku ipo, saa ipo. Nilijiona mtu wa maana.

Akajibu: "Asante sana dada. Nimemwambia fundi asubiri."

Jumanne nikaenda rafuni kukata. Jora la rangi sahihi halikuwepo. "Ile iliisha tangu wiki ilipita," shangazi akasema. "Na nani alikutuma kuahidi?" Nilikuwa nimeahidi kitambaa ambacho sikukitazama. Nikazunguka kwa wauzaji wa jumla mjini Jumanne na Jumatano, kila mmoja akinipeleka kwa mwenzake. Usiku nilifungua simu nimwandikie ukweli, nikaifunga. Niliona aibu kuuchafua ujumbe wangu mzuri. Najichukia kwa hilo mpaka leo.

Alhamisi saa saba mteja alikuja mwenyewe, jasho likimtiririka, vile vipande viwili mkononi.

"Viko wapi?"

Nikaanza, "Tunasikitika sana kwa usumbufu..."

"Acha hiyo. Viko wapi?"

"Vimekwisha. Viliisha hata kabla hujaniandikia."

Alimtazama shangazi. Kisha akanigeukia. Hakupaza sauti, na hapo ndipo iliponiuma.

"Fundi anataka siku mbili za kushona, leo na kesho, na nikianza kutafuta sasa, leo imekwisha. Jumatatu ungeniambia niende Owino, ningekasirika, nikutukane, halafu ningeenda."