Papa Hakati kwa Mstari

Watu walimwita Makali, na mgeni akisikia jina hilo alidhani limetokana na visu vyake. Visu vyake vilikuwa vikali kweli, lakini jina lilitokana na ulimi. Kwa miaka ishirini na sita alisimama nyuma ya meza ya saruji kwenye soko la samaki, aproni ya plastiki kifuani, akipasua papa na samaki taa walioletwa na wavuvi. Papa walimlishia watoto wanne. Hakuwahi kujifanya anawaonea huruma. Alichokichukia ni uongo, na uongo mkubwa kuliko wote aliowahi kuusikia ulimkuta hapohapo mezani.

Ulianza Jumatano. Mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa likizo alikuwa akiogelea ndani ya maboya, mahali ambapo boti haziruhusiwi. Ghafla akapigwa mguuni na maji yakawa mekundu. Aliyemtoa alikuwa mdogo wake Makali wa tumbo moja, nahodha wa boti ya kutembeza wageni kwenye matumbawe, ambaye kwa mbio zake watu walimwita Upepo. Alimbeba mwalimu mabegani hadi ufukweni huku akipiga kelele: "Papa! Papa kamla mtu!"

Jioni Upepo alikuwa shujaa. Asubuhi yake mwenyekiti wa kamati ya ufukwe akatangaza msako. Boti kumi na mbili zikatoka na kulabu na nyavu, na Upepo akiwa mbele.

Ijumaa mchana papa thelathini na mmoja walilazwa sakafuni sokoni, na umati ukajaa hadi mlangoni. Wengi wa papa hao hawakuwa warefu kuliko mlango wa choo. Mmoja tu ndiye alikuwa mkubwa, mwenye mistari ubavuni.

"Wapasue wote," mwenyekiti akamwambia Makali. "Tunatafuta nyama ya mguu."

"Mwenyekiti, papa wangapi walimuuma?"

"Mmoja."

"Na wengine thelathini walikuwa mashahidi?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Nyuma yake watu walishaanza kusimuliana: kwamba papa akishaonja damu ya mtu hataki tena samaki, kwamba tone moja la damu analinusa toka upande wa pili wa bahari. Makali akanoa visu, akaanza kazi.

Kando yake alisimama mtafiti wa matumbawe, binti mwembamba mwenye miwani ambaye kila wiki alikuja na chupa zake kuchukua vilivyomo matumboni. Makali alimfundisha kushika kisu. Yeye akamfundisha Makali kusoma alichokuwa akikitupa kwenye ndoo miaka yote.

Tumbo la kwanza: samaki wadogo watatu na mdomo mgumu wa pweza. La pili: kamba wachache. La tatu: tupu kabisa. La nne: pono aliyemeng'enywa nusu. Wakaendelea hivyo. Kwa yule mkubwa walitoa vipande vya gamba la kasa, miiba ya mkia wa taa, manyoya ya ndege wa baharini, na mfuko wa plastiki. Nyama ya mtu haikuwepo.

Majike tisa walikuwa na mimba. Makali alipowatoa watoto, wawili kwa huyu, watatu kwa yule, wakiwa na mapezi yaliyokamilika, akaweka kisu chini.

"Samaki wengine hutaga maelfu," mtafiti akasema kwa sauti ya chini. "Hawa huzaa wawili watatu, baada ya miezi mingi. Ukishafuta kundi la matumbawe haya, haliji tena upesi."

"Na wao wakiisha, inakuwaje?" Mwenye duka la barafu alikuwa amesogea karibu.

Mtafiti akafikiri kidogo. "Si hesabu ya moja kujumlisha moja, bwana. Wakubwa kama huyu wa mistari hula taa na papa wadogo. Wadogo nao hula samaki na pweza. Wanaonaswa kwanza mara nyingi ni wagonjwa na wazembe. Na hata wasiponaswa, samaki akijua papa yupo, hakai mahali pamoja akila mpaka pabaki patupu. Ukiondoa wa juu, wa chini yake hubadilika. Wapi na kiasi gani, bado tunapima. Lakini hakuna anayejua matumbawe anayesema watolewe wote halafu tuone."

"Andika hivi," mwenyekiti akamgeukia Makali, "kwamba kwenye tumbo la yule mkubwa umekuta kipande cha kaptula. Watu wapate kutulia."

Damu ilimchemka Makali hadi masikioni. "Niandike nini?"

"Kitambaa tu. Wageni wanakimbia, mama. Wakijua muuaji amekamatwa, watarudi."

"Mimi nimekata samaki tangu ukiwa unavaa kaptula, mwenyekiti. Sijawahi kumwongeza papa tumboni kitu ambacho hakukila. Toka mezani kwangu."

Alitaka kuendelea, lakini simu iliita. Alikuwa binti yake mkubwa, muuguzi wa kufunga vidonda kwenye hospitali ya wilaya.

"Mama, mwalimu amekubali umwone. Njoo uangalie mguu wake. Mimi sisemi kitu, wewe njoo."

Wodi ilinukia dawa ya kusafishia sakafu. Mwalimu alikuwa ameegemea mto, uso umempauka. Binti akafungua bendeji. Kutoka pajani hadi chini ya goti kulikuwa na majeraha matano, yamekaa sambamba, nafasi kati yao karibu sawa, kingo zake safi kama mkate uliokatwa kwa mashine.

Makali alikunjua mkono akamwonyesha mwalimu kovu la zamani kwenye kiganja, alipoteleza siku moja juu ya taya la papa aliyekwisha kufa. Lilikuwa upinde wa vidoti, umejipinda kama mwezi mchanga.

"Taya la papa ni la mviringo, mwalimu. Akiuma, anaacha upinde, juu na chini, na nyama inachanika. Papa hakati kwa mstari. Na papa wa huku, akikosea na kuuma mtu, mara nyingi huuma mara moja akaachia, maana si chakula alichokizoea. Sikatai kwamba wapo wanaoua, wakubwa kama yule wa mistari. Lakini ni mara chache mno, na hawaui kwa mapanga matano yaliyopangwa."

"Daktari aliandika hivyohivyo," binti akasema. "Majeraha sambamba ya chombo chenye ncha kali. Hakuna aliyekuja kusoma."

Mwalimu akafumba macho. "Nilisikia mngurumo kwanza. Baadaye kila mtu aliniambia ni papa, basi nami nikasema ni papa. Waliojua bahari ni wao."

Makali alitoka hospitali akitembea haraka. Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwenye karakana ya fundi wa injini za boti, nyuma ya soko, kwa sababu Jumatano jioni alipita pale na kuona boti ya mdogo wake imepandishwa juu ya magogo. Wakati ule alifikiri ni matengenezo ya kawaida.

"Fundi, Upepo alibadilisha nini Jumatano?"

"Rafadha." Fundi akaelekeza kwa spana yake kwenye lundo la vyuma. Ilikuwa pale, lile panga la shaba linalozunguka chini ya injini, bawa moja limepigwa pengo. "Alisema kagonga mwamba."

Kikulacho ki nguoni mwako. Makali aliwahi kuwaambia wengine methali hiyo mara nyingi, kwa kejeli. Sasa ilimrudia mwenyewe.

Aliichukua rafadha akaenda nyumbani kwa mdogo wake, akamkuta anakula. Mkewe alipomwona wifi yake mlangoni, akachukua watoto akatoka nao nje bila kuambiwa.

"Ulipita ndani ya maboya," Makali akasema.

Upepo akatafuna, akameza. "Dada, kaa kwanza."

"Ulipita ndani ya maboya kwa sababu wageni walikuwa wamechelewa!"

"Sikumwona! Wallahi sikumwona. Nilisikia tu kishindo. Nilipogeuka nikaona damu, nikajirusha majini. Nilimwokoa, dada. Si nilimwokoa?"

"Ndiyo, ulimwokoa. Halafu ukafungua mdomo."

"Lilinitoka tu. Nikasema papa, na kila mtu akaamini palepale. Ningerudi vipi nyuma? Nina watoto watatu."

"Na ukaenda kuwaua thelathini na mmoja ili uongo wako upate mwili!" Alipiga meza, kikombe kikaruka. "Leo nimetoa watoto matumboni mwa majike tisa kwa mikono hii, nikidhani namtafutia haki mwalimu wa watu. Kumbe nakufulia nguo chafu."

Upepo akainamisha kichwa, akalia. Makali hakumgusa. "Kesho asubuhi kuna kikao. Utasema mwenyewe. Usiposema, nitasema mimi, na usiniite dada siku hiyo."

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa soko, watu wamekaa juu ya kreti za samaki. Mwenyekiti aliomba boti ishirini kwa msako wa pili. Makali alimtazama mdogo wake. Upepo alitazama sakafu. Makali akasubiri, akahesabu pumzi kumi, kisha akasimama akiwa na taya la yule mkubwa mkono mmoja na rafadha mkono mwingine. Akaliweka taya juu ya meza, akachora upinde wake kwa chaki. Pembeni akachora mistari mitano, kama alivyoiona wodini, na kama mwalimu alivyomruhusu aonyeshe. Akaweka rafadha juu ya mistari ile.

"Nani asiyeona?" akauliza.

Mwenyekiti akamnong'oneza, lakini ukumbi mzima ulisikia: "Mama, unamfunga mdogo wako."

"Mdogo wangu kajifunga. Mimi nakataa tu papa afungwe kwa ajili yake."

Ndipo Upepo aliposimama, akasema ni kweli.

Msako ulisitishwa siku ile. Upepo alinyang'anywa leseni kwa mwaka mmoja. Alikwenda hospitalini kuomba radhi na dada yake akitembea mbele yake kama askari, bila kumsemesha. Mwalimu alimsikiliza, akasema atafikiri. Alirudi shuleni kwake kwa magongo. Maboya yaliongezwa na mlinzi akawekwa. Mwenyekiti aliendelea kuwa mwenyekiti, na hakuna aliyemwomba mtu yeyote msamaha kwa ajili ya yale matumbo tisa.

Hilo ndilo lililomla Makali kuliko yote. Miezi minane baadaye wavuvi bado walikuwa wakisema, kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo, kwamba mwaka ule papa alimla mwalimu. Wengine waliisimulia mbele yake.

"Aliumwa na nini?" Makali alimuuliza siku moja, kisu kikiwa hewani, mvuvi mmoja kijana aliyekuwa akiwatisha watalii karibu na meza yake.

"Na papa, mama."

"Njoo hapa."

Akamshika mkono, akambana kiganja chake juu ya taya lililoning'inia ukutani, si kwa kumuumiza, kwa kumfundisha tu, na akaanza kueleza upya tangu mwanzo, kwa sauti iliyofika hadi nje barabarani.