Kagwe na Kazi Ambayo Hakuiomba

Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne. Hapana, nasema ovyo. Hamsini na nne watu wa Gitothua walikuwa bado wanajenga vibanda vya kijiji walichosukumwa ndani yake na serikali. Hii ilikuwa hamsini na tano, mvua ndefu zimekwisha na kahawa iko karibu kuiva.

Ephantus Kagwe alikuwa Thika, hana kazi. Siku zile za Hali ya Hatari, Mkikuyu asiye na mwajiri kwenye pasbuku yake, kile kitabu cha ruhusa ya kazi, alikuwa anakamatwa na kurudishwa rizavu, kwenye maeneo waliyotengewa Wakikuyu. Akirudishwa, mkewe Waceke na mtoto wao Wamboi wanabaki na nani? Kwa hivyo aliandika barua kwa shamba moja la kahawa huko Ruiru, akiomba ukarani wa mizani, kupima kahawa ya wachumaji. Alisoma hadi darasa la sita, na hesabu aliipenda kama wengine wanavyopenda nyama.

Jibu lilifikia sanduku la posta la Idarous, mwenye duka pale Majengo. Kagwe akalisoma amesimama, halafu akalisoma tena amekaa juu ya gunia.

"Wananiita intavyu," akasema. "Intavyu ya mpishi."

Idarous akacheka mpaka kofia ikamteleza. "Wewe? Mama Wamboi aliniambia uliunguza maji!"

"Usicheke, mzee. Nifanye nini?"

"Wajibu leo. Usikatae, usikubali. Shukuru kwa kuitwa, wakumbushe uliomba ukarani na tarehe uliyoomba, uliza kwa adabu kama barua ni yako kweli. Mwisho useme siku hiyo utafika."

Akaandika vivyo hivyo, kwa mwandiko wake mzuri, na barua ikaenda.

Nyumbani Waceke hakupendezwa. "Baba Wamboi, kwa nini uwaulize? Ukiuliza sana watasema basi kaa."

"Nikinyamaza watanipa sufuria."

"Si afadhali sufuria kuliko lori la askari?"

Kila siku Kagwe alipita dukani kutazama majibu, na Idarous alikuwa anatikisa kichwa kabla hajaulizwa. Ikabaki siku moja kabla ya intavyu, naye alihitaji kibali cha kutoka Thika kwenda Ruiru. Akapanga foleni ofisini kwa D.O., yule afisa wa wilaya, mbele ya karani anayeitwa Absalom.

"Sababu ya safari?"

"Intavyu ya ukarani, bwana."

Absalom akaisoma ile barua. "Hapa pameandikwa mpishi."

"Walikosea. Nimeshawaandikia."

"Majibu yako wapi?"

"Bado hayajafika."

"Basi mimi naandika kile ninachokiona." Akaandika *mpishi*, akagonga muhuri. "Anayefuata!"

Kesho yake Kagwe alifika shambani mapema, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Karani mkuu, Jeconia, alimkuta barazani.

"Wewe ndiye mpishi?"

"Mimi ndiye yule aliyeomba mizani. Barua yangu ya kuuliza ilifika?"

"Ilifika." Jeconia akakuna shingo. "Iko mezani kwa bwana, chini ya nyingine. Lakini sikiliza, ndugu yangu. Mtu wa mizani alianza kazi Jumatatu."

"Basi nirudi Thika?"

"Na hicho kibali? Kinasema umekuja kwa upishi. Ukimwambia bwana hukuja kwa upishi, atauliza umekuja kufanya nini hapa. Na askari wa lango yuko pale anasikiliza."

Kagwe akamtazama yule askari, na bunduki yake, na barabara nyuma yake.

Bwana mwenye shamba akatoka na kikombe cha chai. "Pudini unajua?"

"Ndiyo, bwana," akasema Kagwe, ambaye hakuwahi kukiona hicho chakula kitamu cha Wazungu.

Hivyo ndivyo alivyoandikwa mpishi ndani ya pasbuku, kwa wino mweusi. Alipomaliza kazi pale, mwajiri mwingine akafungua pasbuku, akasoma, akampeleka jikoni. Na wa baada yake pia. Alijifunza, kwa kuungua vidole na kutukanwa, na Waceke hadi uzeeni alikataa kula chakula chake.

Lakini lile shamba la kwanza ndilo lililobaki rohoni. Kutoka dirisha la jikoni aliona mizani. Mtu wa mizani alikuwa Nzomo, Mkamba mpole wa Machakos, mikono minene, anayesoma namba huku midomo ikicheza. Akipita jikoni alinusa sufuria, akasema, "Tia chumvi kidogo, bwana Kagwe. Na punguza moto." Kila mara alikuwa amesema kweli.

Siku moja Kagwe akaweka mwiko chini.

"Nzomo, hebu niambie. Wewe ulipowaandikia watu wa hapa, uliomba kazi gani?"

Nzomo akafunika sufuria polepole, akarudi kwenye mizani yake. Msimu ulipokwisha akaenda zake kwao. Kagwe aliliuliza swali hilo tena kwa Jeconia, kwa Idarous, hata kwa Waceke, akiweweseka usingizini: aliomba kazi gani yule, kama si upishi?