Jibu Kama Mimi

Mtaani wanamwita Bi Taipu kwa sababu alipiga taipu katika ofisi ya shule miaka ishirini na miwili, mpaka kompyuta zilipoletwa, naye akazijua kuliko waliozileta. Mimi ndiye niliyemwajiri na mimi ndiye niliyemfundisha kazi. Nasema mapema nisije nikaonekana mnafiki mbele ya safari: mwanamke huyu nilimwonea wivu kuanzia siku ya nne.

Duka langu ni chumba cha nyuma cha nyumba yangu. Natengeneza sabuni za kuogea na mafuta ya mwili, nauza kwa simu, na wateja wananiita Mama Sabuni. Kuna rafu ambako vipande hukaa wiki nne hadi sita vikauke, kuna ndoo, mizani na meza moja ya kufungashia. Kwa miaka mitatu nilifanya kila kitu peke yangu, na nilijivuna kweli kweli. Halafu oda zikanizidi. Mzee mmoja mwenye ngozi inayowasha aliagiza sabuni isiyo na harufu, nikamtumia ya waridi. Ujumbe wa watu zaidi ya arobaini ulikaa bila majibu, wengine wakaona nimesoma na kunyamaza, wakanuna. Mama yangu mzazi, ninayeishi naye, akaniambia, "Tafuta mtu akusaidie, kabla hujaanza kuwatumia watu sufuria zangu."

Nikauliza majirani, na Bi Taipu akaja na daftari lake, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba. Nilimuuliza kama anaweza kuinua katoni na kama anajua kutumia simu. Basi, usaili wangu uliishia hapo. Tukakubaliana siku tatu kwa wiki, saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana, malipo kila Ijumaa, wiki mbili za kwanza za majaribio. Mimi nilidhani tumemaliza. Yeye akafungua daftari, akayaandika yote mara mbili, tukatia sahihi, nakala moja kwangu na moja kwake. Nilijisikia kama mimi ndiye ninayeomba kazi.

Jambo jingine. Ana miaka hamsini na minane, mimi arobaini na mmoja. Mwajiri ni mimi, lakini kila asubuhi anayetoa shikamoo ni mimi pia.

Siku ya kwanza nilimfundisha kufungasha. Soma oda, kisha isome tena kwa sauti. Sabuni hufungwa kwa karatasi, si kwa nailoni, kwa sababu ndani ya nailoni inatoa jasho. Isiyo na harufu usiiweke pamoja na ya waridi bila kuitenga kwa karatasi nene, itanuka waridi kabla haijafika. Chupa ya mafuta kaza kifuniko, zungushia utepe, ifunge kwenye mfuko wake, halafu isimamishe katikati. Jaza nafasi kwa karatasi zilizokunjwakunjwa. Piga picha kabla ya kufunga, ili mteja akisema kitu hakikuwemo tuwe na cha kuangalia. Mwisho shika boksi, litikise karibu na sikio.

"Likiongea, bado," nikamwambia. "Likinyamaza, andika jina na namba ya simu, funga."

"Likiongea, bado," akarudia, akaandika.

Siku ya pili tukaingia kwenye ujumbe. Nikamwonyesha lebo kwenye simu ya duka: oda mpya, amelipa, imetumwa. Nikamwonyesha majibu ya tayari ya maswali yale yale ya kila siku. Nikampa masharti. Usiahidi siku ya kufika ambayo sijaisema mimi. Malalamiko na marejesho niletee. Kitu chochote kisichohusu oda, niulize kwanza. Wiki ya kwanza uandike jibu daftarini, nilisome, ndipo litumwe.

"Na andika kama mimi," nikasisitiza. "Wateja wanazungumza na Mama Sabuni. Wasisikie mtu mwingine."

"Kama wewe vipi?"

Nikamwonyesha jibu langu moja: *Ipo mpz, tuma lokesheni.*

Akavaa miwani, akaitazama ile *mpz* muda mrefu. "Herufi nyingine zimekwenda wapi?"

Mama alikuwa mlangoni na chai yake. Alicheka mpaka akapaliwa.

Bi Taipu hakuweza kuandika *mpz*. Nadhani vidole vyake vilikataa. Aliandika *Habari za asubuhi, nimepokea oda yako, nashukuru*, na kila neno lilikuwa na herufi zake zote. Nikasema potelea mbali, ilimradi wanajibiwa. Siku ya nne mteja mmoja wa zamani akaandika: *Mama Sabuni, siku hizi unajibu vizuri mpaka raha. Umepatwa na nini?*

Niliusoma mara tatu. Mtu anasifiwa kwa jina langu, kwenye simu yangu, na si mimi. Sijawahi kusikia mtu akijionea wivu mwenyewe, lakini ndicho kilichonipata, na kiliuma vilevile.

Kuanzia hapo nikawa namtafutia kosa. Akiondoka tu, nafungua duka langu mwenyewe kama mwizi, nachukua maboksi aliyoyafunga, nayatikisa moja moja. Yote kimya. Nikawa nakasirika zaidi. Laiti hata moja lingelia, ningelala vizuri. Nyumbani nako hali ikawa hiyo hiyo: Mama akawa anamtolea kikombe chenye sahani, kile ambacho mimi, bintiye wa kuzaa, nakiona kabatini tu. "Bi Taipu ana adabu," ananiambia. Sasa mimi nina nini, Mama? Sikumuuliza, kwa kuogopa jibu.

Wiki mbili za majaribio zikaisha. Nilitamani kupata sababu ya kumwambia asante, inatosha. Sikupata. Maboksi yalikuwa yakitoka siku yanayotakiwa kutoka, na yule mzee wa ngozi inayowasha alikuwa amerudi kuagiza.

Jumatano moja nilikuwa nachanganya kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, glavu mpaka viwikoni, miwani ya kazi usoni. Kostiki haina mchezo, ikikurukia inakuunguza. Bi Taipu akasimama mlangoni na simu.

"Kuna ujumbe hauhusu oda," akasema. "Yule fundi cherehani, anayechukua mbili za waridi na moja isiyo na harufu. Safari hii kaagiza za waridi tu. Nikamuuliza kama kaisahau ile nyingine. Kasema..."

"Bi Taipu, nina kostiki mkononi."

"Naona. Lakini ulisema nikuulize."

"Jibu tu! Jibu kama mimi."

Akarudi mezani. Nikaendelea kukoroga, na hata sikuuliza tena fundi alisema nini, wala sikuufungua ujumbe wake.

Wiki tatu baadaye, siku ya kazi ya Bi Taipu, mtu akabisha hodi mlango wa nyuma. Akaingia mama mmoja mnene, futi ya kupimia nguo bado iko shingoni, ameshika kifurushi cha kitambaa. Sote wawili tulikuwa mezani. Akatutazama kwa zamu.

"Mama Sabuni ni yupi?"

"Mimi," nikasema, kabla ya kufikiri. Na kwa nini nifikiri? Ni mimi.

Akanikumbatia, na hakuniachia. Nikasikia bega langu linalowa machozi. "Sikujua kama muuza sabuni anaweza kumkumbuka mtu namna ile," akasema. "Ndugu zangu wenyewe waliniandikia 'pole' moja, wakaendelea na mambo yao. Wewe kila wiki. Kila wiki umeniuliza nimelala, nimekula."

Sikujua anaongea nini. Lakini nilikuwa nimesubiri tangu siku ya nne mtu aniangalie mimi na kusema hivyo, na sasa amesema. Nikampapasa mgongo. "Usijali, ndugu yangu," nikajibu. Juu ya bega lake nilimwona Bi Taipu anakata utepe, macho kwenye boksi. Hakuinua kichwa.

Fundi akafungua kifurushi. Ilikuwa aproni ya kazi, mshono umetulia, mistari imenyooka. "Nimekuwekea na mfuko hapa kifuani," akasema, "wa miwani. Uliniandikia unaisahau kila mahali mpaka ukaitia kamba."

Mimi sivai miwani ya kusomea. Nikaishika ile aproni, nikaisifu.

"Na ulivyonieleza habari za mama yako," akaendelea, "ulivyomuuguza miaka sita kitandani. Kwamba asubuhi ya kwanza baada ya mazishi uliamka ukampashia maji ya kuoga kwa mazoea, ukasimama nayo mlangoni hujui umpelekee nani. Mimi nami nilikuwa nimekata ile sabuni ya mama kipande, iko mkononi, ndipo nikakumbuka hayupo. Nilikuwa nadhani naanza kuwa kichaa. Ulivyoandika vile ndipo nikapumua."

Kutoka sebuleni ikaja sauti, nzima na yenye nguvu zake zote. "Nani huyo jamani? Kama ni mgeni apewe kiti!"

Fundi akageuka. "Huyo ni nani?"

"Mama," nikasema.

"Mama yupi?"

Bi Taipu angeweza kuniokoa. Angesema ni shangazi, ni mama mkwe, na fundi angeamini. Alilaza mkasi mezani, akanitazama.

"Mama yangu," nikasema. "Yuko hai, na leo ameshanigombeza mara mbili." Nikamnyooshea Bi Taipu mkono. "Aliyekuandikia si mimi. Ni huyu hapa. Mimi hata sikujua umefiwa. Pole sana."

Nikampa Bi Taipu aproni yake. Aliivaa papo hapo, akatia miwani mfukoni, nayo ikaenea barabara. Sijui kama fundi alinisamehe. Yeye na Bi Taipu walitoka wakakaa kwenye ngazi za nyuma, na baadaye Mama akajikongoja na vikombe viwili vyenye sahani.

Nikabaki mezani peke yangu. Miezi miwili tulikuwa tumesimama meza moja, mimi na yeye. Nilimfundisha kukaza vifuniko na nilikagua kila jibu lake la wiki ya kwanza, lakini sikuwahi hata siku moja kumuuliza nyumbani ana nani. Mteja aliyekuwa hajawahi kumwona alijua. Niliwasikia wakicheka huko nje, na wivu ulinikaba pale pale, hata baada ya aibu yote ile. Ila safari hii nilijua namwonea nani wivu: yule fundi.

Oda ya mzee ilikuwa nusu, ikingoja. Nikaweka sabuni zake, nikasimamisha chupa katikati, nikajaza karatasi, nikapiga picha. Nikashika boksi, nikalitikisa sikioni.

"Bado hilo," Bi Taipu akasema kutoka kwenye ngazi, bila kugeuka. "Linaongea."

Nikalifungua, nikaongeza karatasi.