Dhamira: Vichekesho

Nianze na ujinga wangu wenyewe: kwenye fomu ya video ya shairi la mama, palipoulizwa dhamira, nilijaza "vichekesho na uvivu". Jina la shairi nikaandika "Amka Mvivu". Mtunzi: "Mama Mkali wa Makwale", ndicho kijiji chetu. Lugha: Kiswahili, kwa sababu ndicho kilichokuwa juu kwenye orodha, na mimi nilikuwa nawahi mpira.

Klabu ya fasihi ya shule yetu ina chaneli mtandaoni. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mgeni kutoka Tanga, alituagiza kila mmoja amrekodi mtu wa nyumbani kwao akighani shairi. "Na hiyo fomu muijaze kwa akili," alisema. "Watu wataipata video kwa hayo mtakayoandika, na wataielewa kwa hayo hayo."

Mama nilimrekodi uani, anageuza kokoa kwenye mkeka. Shairi lenyewe ni la Kinyakyusa, na amekuwa akilighani tangu nipate akili, asubuhi asubuhi, karibu kabisa na dirisha langu. Linamgombeza mtu anayelala. Amka wewe, wenzako wameshafika mtoni, ndizi zako zimepoa, mgongo wangu unakusubiri. Sasa nyumbani kwetu mtu wa kulala mpaka jua liwake ni mmoja tu, na huyo namfahamu vizuri sana. Nikajua nasimangwa. Fomu ikawa kisasi changu.

Alipomaliza alinitazama. "Utaandika vizuri? Maana hicho ndicho kitakachobaki."

"Mama, we niamini. Unaongea na fundi."

Mwalimu hajui Kinyakyusa. Alipandisha video na maneno yangu yote, akaiweka kwenye orodha ya vichekesho. Siku ya wazazi, wakati watu, mama akiwa mmoja wao, wanangoja chakula ukumbini, akaifungua orodha hiyo hiyo kwa projekta ili kuchangamsha watu.

Video ya kwanza ilikuwa ya mbuzi aliyekula daftari la hesabu. Watu hoi. Ya pili, uso wa mama ukajaa ukutani, na "Amka Mvivu" chini yake. Wanafunzi wakaanza kucheka hata kabla hajafungua mdomo.

"Mvivu mwenyewe huyu hapa!" rafiki yangu akapiga kelele.

Nikasimama, nikainama kama msanii anayepokea makofi. Nikiwa bado nimeinama, nikasikia kicheko kinakatika kuanzia safu za mbele, kinarudi nyuma, mpaka kikafika kwangu kikafa. Mama mpishi wa shule, jirani yetu wa siku nyingi, mwanamke ambaye sauti yake huwatoa mabwenini hata wagonjwa, alikuwa amejifunika khanga kichwani. Analia. Wanawake wawili wa kijijini kwetu waliacha viti vyao, wakaenda kukaa sakafuni miguuni pa mama, kama watu wanavyokaa msibani. Mama hakulia. Alikuwa anasoma yale maandishi.

"Zima, mwalimu," mama mpishi alisema. "Hicho ni kilio. Anamlilia mtoto wake wa kwanza."

Mtoto wa kwanza ni mimi. Hivyo ndivyo nilivyojua maisha yangu yote. Nikatazama huku na huku, nikingoja mtu amsahihishe.

"Dada yako," mama mpishi akaniambia mimi, mbele ya shule nzima. "Alilala na homa, hakuamka. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Utani wote uliniishia. Niliendelea kusimama kama mti, mpaka mwalimu aliponishika mkono akatupeleka mimi na mama ofisini.

"Mama yangu, naomba radhi," mwalimu alisema. "Na mimi nina kosa, sikuuliza. Ukitaka naifuta sasa hivi. Au tuiache video kama ilivyo, tubadilishe maandishi tu na kuitoa kwenye vichekesho."

"Usifute," mama alisema. "Picha hana. Kaburi lilichukuliwa na mafuriko. Hayupo pengine popote."

Mwalimu akanisogezea kompyuta. Nikafuta yangu, nikaandika ya mama. Mtunzi: majina yake matatu. Dhamira: alifikiri sana, akasema, "Malezi. Halafu msiba." Jina la shairi akalitamka polepole, jina la msichana, silabi tatu ambazo sikuwahi kuzisikia nyumbani kwetu. Sitaziandika hapa. Pale kwenye fomu nilikosea mara mbili.

Ikabaki lugha. Tuliitafuta kwenye ile orodha, Kinyakyusa hatukukiona. Mwalimu akasema basi Kiswahili kibaki hapo hapo, si kinaeleweka na wote? Mwishowe hakikubaki. Sehemu ile tuliiacha wazi, tukaandika Kinyakyusa kwenye maelezo, mstari wa kwanza kabisa, kwa sababu mama alitikisa kichwa akasema:

"Kiswahili toa, mwalimu. Alikuwa bado hajakijua."