Sauti Nne za Henri wa Moulin

Henri anasaga muhogo kwenye moulin moja, mashine ya kusagia unga, karibu na soko la Baraka, na ukimkuta kazini utamwona mweupe kuanzia nyusi mpaka viatu. Ana miaka ishirini na saba, ni mcheshi, na hawezi kumkabidhi mama unga wake bila kumtania kwanza. Anapendeka. Lakini tusimfiche: akisema jambo, anataka kujibiwa papo hapo, na hilo ndilo lililomponza.

Mchumba wake, Constance, anasomea uuguzi, mwaka wa mwisho. Wiki ya mitihani alikwenda kukaa Nundu kwa shangazi yake, arudi Jumamosi, hatua chache kutoka mahali pa mtihani. Kabla ya kupanda pikipiki alimpa Henri sharti.

"Wakati ya examen unitumie kitu nitacheka, si kitu nitajibu. Kimoja tu kwa siku. Kichwa yangu itakuwa imejaa."

"Kimoja tu," Henri akaapa, mkono kifuani, akaacha alama ya unga kwenye shati.

Na mwanzoni aliweza, tena vizuri. Kwa sababu vidole vyake vina unga saa zote, hakuandika. Alitoka nyuma ya moulin, mbali na kelele za moteri, akarekodi sauti kwenye WhatsApp. Jumatatu alimwita muuguzi tayari: "Infirmière wangu, bamama ba huku wananiuliza juu ya nini nacheka peke yangu. Nimebaambia ni vumbi. Andika muzuri. Usijibu." Jumanne ilikuwa siku ya anatomia, naye alikuwa ameulizia kwa watu wanaojua: "Muntu mukubwa iko na mifupa mia mbili na sita. Yangu yote inakungoja samedi. Ukisahau hesabu, kumbuka mi. Usijibu."

Sekunde kumi hivi, mzaha kidogo, mapenzi kidogo, na ruhusa ya kunyamaza. Hiyo ndiyo kazi yote. Jioni Constance alimrudishia moyo mmoja mwekundu, basi, na Henri akalala akiwa tajiri.

Jumatano akatuma ya tatu: "Leo ni pharmacologie. Mi niko na ugonjwa ya kukukosa. Dawa yangu inaingia na pikipiki samedi, dose moja, na nitaimeza yote. Usijibu." Nzuri hiyo. Angeishia hapo tungekuwa na kisa cha furaha.

Lakini saa nne asubuhi mkanda wa moteri ukakatika. Bamama wakaondoka na makopo yao, na Henri akabaki amekaa juu ya gunia, hana kazi, simu mkononi. Mtu mwenye simu na asiye na kazi hujitafutia ugonjwa. Akaitazama ile sauti yake: alama mbili za kijivu. Imefika. Haijasikilizwa. Saa tano, alama mbili. Saa sita, zilezile.

Jacques, rafiki yake mwendesha pikipiki, akachungulia begani mwake. "Imefika na haifungue? Wangu mi ananijibu hata iko kanisani."

Maneno ya Jacques yalimwingia kama pilipili kwenye jicho. Henri akaenda nyuma ya moulin na kurekodi ya pili ya siku hiyo: "Constance, naona imefika. Hata kusikiliza inakushinda?" Baada ya nusu saa, ya tatu: "Uko na nani huko? Hao ba infirmiers ba Nundu ndio bananifungia simu?" Na ya nne, ambayo mpaka leo akiikumbuka anajifunika uso: "Sawa. Diplome haiyatoka, kiburi imeshatoka. Mi ndio mujinga wa kukutumia kila siku."

Alizituma zote, akajisikia mwanaume kwa muda wa robo saa.

Sasa, kitu ambacho Henri alikijua fika, maana naye alikua hivyohivyo: penye shida ya umeme, simu hushinda kwa mwenye kuchaji. Kule Nundu Constance aliiacha simu yake kila asubuhi kwa Baba Eugène, mwenye panneau solaire ya kuchajia kwa jua, ikiwa imewashwa, karatasi yenye jina lake imebandikwa mgongoni, naye akaichukua akitoka mtihani. Simu ilipokea. Mwenyewe alikuwa darasani akihesabu miligramu. Henri alijua, na hasira ikamsahaulisha.

Alhamisi asubuhi akapata simu kutoka kwa Ketsia, anayesoma na Constance.

"Ndugu Henri, umefanya nini?" Hakusalimia. "Ile ya mifupa tulicheka sisi wote. Jana tukatoka mutihani tumechoka, tukamuambia Constance, weka sauti juu tusikie ya leo. Tulikuwa kwa Baba Eugène, na bantu, na shangazi yake. Akabonyeza ya kwanza, tukacheka. Kisha simu ikaendelea yenyewe, ya pili, ya tatu. Alikuwa anatafuta pa kuizimisha. Mpaka ile ya kiburi tulisikia."

 Henri alikaa chini palepale kwenye vumbi la unga. Zile sauti zikitumwa moja baada ya nyingine hucheza zenyewe mfululizo. Hilo pia alilijua. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alimwona shangazi, mama wa watu, akisikia "uko na nani huko." Alimwona Constance akiangalia viatu vyake.

Kwanza alitaka kurekodi msamaha wa dakika saba, na alikuwa ameshaanza. Halafu akajisikia mwenyewe akijitetea, mkanda, Jacques, joto, akaufuta. Mtu aliye katikati ya mtihani hapewi mzigo wa kubembeleza aliyemkosea. Sauti yake sasa aliiogopa. Akanawa mikono, akaandika: "Nimekukosea mbele ya bantu. Nitaomba musamaha mbele ya bantu. Leo ni examen ya magonjwa ya batoto: ukimuona mutoto analia kwa swali, ni mi. Mupatie sirop, upite. Usijibu."

Alama moja tu. Haikufika. Akajiambia ni réseau, mtandao tu. Ijumaa akaandika ya mwisho: "Bado siku moja. Nimekuwekea ndizi ya kukaanga na nyusi zangu nimepangusa." Alama moja.

Jumamosi saa tisa Constance alishuka pikipiki mbele ya moulin. Bamama walikuwa kwenye foleni. Henri akazima moteri, na kukawa kimya.

"Bamama," akasema, "huyu nilimutukana kwa sauti yangu mbele ya shangazi yake, na hakukosa kitu. Constance, nisamehe. Nitaenda Nundu kwa shangazi pia."

Constance hakutabasamu. Akamnyooshea simu. "Iko kufa tangu mercredi usiku, ile siku ya sauti. Sikuipeleka tena kwa Baba Eugène. Niliogopa itasema kitu. Ingiza ku charge."

Henri akaichomeka kwenye betri ya moteri, akawasha moteri tena. Wakasimama bega kwa bega bila kugusana. Simu ikawaka, ikalia mara mbili. Constance akasoma ya Ijumaa, akasoma ya Alhamisi, akairudia hiyo ya Alhamisi. Pembe ya mdomo wake ikacheka kidogo, ikaacha.

"Hii ya mutoto na sirop ni ya muzuri," akasema. "Jeudi swali ya kwanza niliisoma mara tano bila kuelewa. Ningeitaka jeudi."

Henri akainamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza hakujitetea. Mama mmoja akamsukumia kopo lake. Akalipokea bila utani wowote.

"Lundi hii unaanza stage ku hospitali," akasema mwishowe, akiangalia unga. "Nikutumie sauti?"

Constance alifikiri mpaka kopo likajaa.

"Tuma. Lakini nitasikiliza na écouteurs, ku masikio yangu tu."