Bi Mita na Umeme Unaovuja Usiku

Fundi umeme wa magari anayeitwa Bi Mita hana mbwembwe. Anakaa kwenye kigoda nyuma ya gereji ya rangi, kwenye kibanda cha bati chenye meza moja, na ukimletea gari lililozima hakuulizi habari za nyumbani. Anauliza, "Lilizima likiwa limesimama au likitembea?" Ukianza hadithi ndefu anakukata. Jina alipewa na wapiga rangi wa jirani, kwa sababu ile mita yake ya kupimia umeme haimtoki shingoni. Ameitundika kwa kamba ya viatu.

Alianza na redio. Mjomba wake alikuwa na duka la kutengeneza redio za kaseti, yeye akawa anachomelea nyaya. Kaseti zikafa, duka likafa, yeye akahamia kwenye magari, maana umeme ni uleule. Pete ya ndoa anaiweka mfukoni akiwa kazini. Siku moja iligusa betri na spana kwa pamoja, ikawa nyekundu kama kaa la moto, na alama bado iko kidoleni. Mume wake huwaambia watu kwamba ndoa yao inafanya kazi jioni tu.

Asubuhi hiyo gari lililokuja lilikuwa la shemeji yake, mume wa mdogo wake. Kusema kweli halikuwa lake, yeye ni dereva tu, anabebea abiria wanaoita gari kwa simu. Mwenye gari ni mama mmoja mwenye duka la vipodozi, na mama huyo alikuwa amechoka. Jioni gari linalazwa zima, asubuhi ufunguo unazungushwa, linatoa "tik" moja na kunyamaza. Betri ilikuwa imebadilishwa. Altaneta ilikuwa imepimwa, ikaonekana inachaji vizuri. Mafundi wengine wawili walisema hawaoni kitu. Tena kuna asubuhi nyingine linawaka bila shida, na hilo ndilo lililomponza shemeji. Mwenye gari alikata shauri kwamba dereva wake anajifungia humo usiku na kusikiliza redio, na siku linapowaka ni siku aliyolala kitandani kama watu.

"Mama anakuja hapa mchana," shemeji alisema. "Kosa lisipoonekana, funguo anampa mpwa wake. Kijana yuko tayari, ameshanunua hata miwani ya jua."

"Wewe unasikiliza redio usiku?"

"Shemeji! Mdogo wako ananiacha nitoke nje usiku?"

"Basi kaa pale. Usiguse kitu."

Huyu mtu kuambiwa asiguse kitu ni kama kuambiwa asipumue. Ila alikaa.

Bi Mita alifungua boneti, akaacha mlango wa dereva wazi, na kufuli lake akalisukuma kwa bisibisi likajifunga lenyewe, gari lidhani mlango umefungwa na taa ya ndani izime. Akatoa waya wa hasi kwenye betri. Ule waya mwekundu wa mita akauhamishia kwenye tundu la amperi kumi, kisha akaiweka mita katikati: ncha moja kwenye nguzo ya betri, nyingine kwenye waya alioutoa. Umeme wowote unaotoka sasa lazima upite kwenye mita. Akasubiri vidude vya ndani vitulie, maana gari la siku hizi huchukua muda kulala.

Mita ikasema amperi 3.6.

"Hiyo ni nyingi?" shemeji aliuliza.

"Gari likilala linakula kama sifuri nukta sifuri tatu, za saa na kumbukumbu ya redio. Hii mpaka asubuhi betri inabaki ganda."

Akaanza na fyuzi za ndani. Anang'oa moja, anatazama mita, anairudisha, anang'oa nyingine. Redio, 3.6. Taa ya ndani, 3.6. Vioo vya madirisha, 3.6. Ni kazi ya kuchosha hata kuitazama. Alipomaliza akahamia kwenye kisanduku cha fyuzi chini ya boneti. Kabla hajagusa ya kwanza, shemeji akakumbuka chupa yake ya maji iko kwenye buti. Akaichukua, akalibamiza buti kama anafukuza nyani.

Mita ikashuka. 0.03.

Bi Mita alishika nyaya zake moja moja akidhani kuna uliochomoka. Zote zilikuwa imara.

"Limepona!" shemeji alisema.

"Halijapona. Umefukuza kosa."

Na hapo hapo, mwenye gari akaingia, mkoba begani, mpwa na miwani yake nyuma. Akaambiwa mita ilisoma 3.6. Akainama kuitazama mwenyewe, akaona 0.03.

"Kwa hiyo gari ni zima."

"Halijawa zima, mama. Nipe nafasi kidogo."

"Fundi, huyu ni shemeji yako. Unategemea niamini nini?"

Swali la haki kabisa. Ila Bi Mita alikuwa anafikiria kishindo cha buti. Fyuzi haijali kishindo. Taa haijali. Kinachoachia kikitikiswa ni rilei, kile kiswichi kidogo cha umeme chenye ulimi ndani. Ulimi ukiungua unaweza kuganda kwenye mguso wake hata swichi ikizimwa, na mtikisiko mdogo ukaubandua. Ndiyo maana mafundi wale wawili hawakuona kitu: gari lilipofika kwao lilikuwa limeshatikiswa na mashimo ya barabara na milango ya shemeji, ila leo ulimi ulikuwa umeganda tena.

Akarudisha waya wa betri, akawasha gari, akafungulia taa kubwa, feni na kiyoyozi. Akaacha lingurume kidogo, akazima vyote, akafunga mita tena, taratibu.

0.03.

"Nina duka," mwenye gari alisema.

Bi Mita akarudia yote, na safari hii funguo akamkabidhi mwenye gari. Mpwa alikuwa ameanza kupima kiti cha dereva kwa macho. Shemeji alikuwa ameshika mikono yake mwenyewe nyuma ya mgongo.

3.6.

"Hakuna mtu kugusa gari," Bi Mita alisema. "Mama, funguo ziko wapi?"

"Si hizi mkononi kwangu."

"Redio inaimba?"

"Haiimbi."

Akang'oa fyuzi za chini ya boneti kwa vidole viwili. Taa kubwa, 3.6. Honi, 3.6. Kiyoyozi, 0.03. Akairudisha ya kiyoyozi, 3.6 ikarudi. Kisha akachukua bisibisi ndefu, akaipenyeza hadi kwenye kompresa ya kiyoyozi, akaachia mkono. Bisibisi ikabaki imening'inia, imenaswa na sumaku ya klachi yake, ile inayoishikisha kompresa na injini. Injini imezima, funguo mkononi mwa mwenyewe, na sumaku inafanya kazi. Akang'oa rilei ya kiyoyozi. Bisibisi ikaanguka.

Akabandua kifuniko cha rilei kwa kisu. Miguso ilikuwa myeusi.

Mwenye gari aliitazama sana. "Ina maana kila usiku?"

"Kila ikiganda."

"Na miye nimemwita mwizi wa chaji mbele ya wateja wangu." Akamgeukia shemeji. "Ungesema."

"Nilisema, mama."

"Ungesema vizuri."

Rilei mpya ilipatikana duka la pili. Mwenye gari hakutoa funguo papo hapo. Gari alilichukua yeye, mpwa akaendesha, likalale kwake. Shemeji alirudi nyumbani kwa miguu na hakuwa na utani.

Kesho yake asubuhi simu yake iliita, na mwenye gari hakusalimia. Alisema limewaka bila kusumbua, na aje alichukue kabla mpwa hajaanza kulizoea.