Sindano ya Mtoto wa Kaluki

Kalekye hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Ukifundisha biolojia Shauri Moyo, darasa lako likiwa linatazamana na mafundi wa mabati wanaogonga kutwa nzima, moyo hukomaa wenyewe. Lakini siku ile aliogopa hadi chaki ikamponyoka, na kilichomwogopesha ni swali la mwanafunzi.

Asubuhi dada yake mdogo, Kaluki, alikuwa amempigia simu kutoka hospitali moja ndogo ya Komarock. Kitoto chake kichanga, ambacho hata jina hakijapewa, kilikuwa na homa na kilikataa titi. Kililazwa tangu jana, na sindano zimeanza. Kalekye alimwambia dada yake asilie, akamwombea, kisha akaingia darasani kufundisha. Angefanya nini kingine? Yeye si daktari.

Somo lilikuwa lile analolipenda kuliko yote. Alichora seli ubaoni, akaanza kusimulia. Zamani sana, kabla ya mnyama wala mmea, seli moja kubwa ilimmeza bakteria ikashindwa kumsaga. Bakteria akabaki humo, akalishwa, naye akalipa kodi kwa kutoa nguvu. Vizazi na vizazi vikapita, mgeni akawa mwenyeji, na leo tunamwita mitokondria. Baadaye ukoo mmoja wa seli hizo ukameza tena bakteria wa kijani wanaojipikia kwa mwanga wa jua. Hao ndio kloroplasti za majani ya sukuma wiki mnayokula jioni.

"Ushahidi je?" aliuliza, akajijibu. Mitokondria ina DNA yake yenyewe, ya mviringo kama ya bakteria. Ina ngozi mbili. Hujigawa yenyewe kwa kukatika vipande viwili. Na ribosomu zake, yaani vile viwanda vidogo vya kutengeneza protini, zinafanana na za bakteria kuliko zinavyofanana na zetu.

Hapo Sabrin, msichana asiyekubali jambo hadi alitikise kwanza, akainua mkono. "Madam, kama hizo vitu ni bakteria, si dawa ya kuua bakteria itaziua pia? Ama dawa inajuaje gani ni ya adui?"

"Dawa haijui," Kalekye alijibu. "Mara nyingi ribosomu za mitokondria zetu zimebadilika vya kutosha, dawa haizishiki. Lakini ziko familia ambazo herufi moja tu ya DNA ya mitokondria imegeuka, ribosomu ikazidi kufanana na ya bakteria. Mtu wa hivyo akidungwa dawa fulani, seli za sikio…"

Sentensi haikuisha. Mama yake alikuwa kiziwi.

Syombua, mama yao, alisikia vizuri tu hadi alipougua kifua kikuu akiwa msichana. Alidungwa dawa ya jamii hiyo wiki nyingi, kifua kikapona, masikio yakafa. Miaka iliyofuata kaka yake, Muindi, alidungwa kwa kidonda cha mguu kilichooza, naye akawa kiziwi. Watu wakasema ni laana. Na kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa baba, laana ilitafutwa kwa baba: wazee wakakaa, mbuzi akachinjwa, damu ikamwagwa. Hakuna aliyegeuza shingo kumtazama bibi, aliyewazaa wote wawili. Na wazee hao walikuwa watu werevu! Mitokondria haijui ukoo wala mbuzi. Hutoka kwa mama peke yake. Bibi alimpa Syombua, Syombua akampa Kalekye na Kaluki, na Kaluki amempa yule mchanga wa Komarock.

Kalekye mwenyewe alikuwa amefundisha jambo hili miaka nenda miaka rudi bila kuliingiza nyumbani kwake. Alipiga simu ya Kaluki, mteja hapatikani. Akaliacha darasa bila kuaga, akaita bodaboda. Njia nzima aliomba jambo moja: asiwe amechelewa.

Alimkuta shemeji yake, Kimeu, mume wa Kaluki, mlangoni mwa wodi.

"Shemeji, kuna nini? Mbona unahema hivyo?"

"Mtoto anadungwa dawa gani?"

Aliyejibu ni Habon, muuguzi, aliyekuwa ameshika trei. "Penisilini na jentamaisini. Ya jana alipata. Ya leo ndiyo hii."

Kalekye alimshika mkono. "Usimdunge hiyo jentamaisini, ndiyo huua masikio. Tafadhali, dada. Niitie daktari. Hamkuuliza kama kuna kiziwi kwao?"

"Tuliuliza ugonjwa wowote wa familia. Baba mtoto akasema hakuna."

"Na ni kweli!" Kimeu aliruka. "Kwetu hakuna kiziwi hata mmoja. Mtoto si ni wa kwetu?"

Kaluki, kitandani, aliinamisha uso. Alikuwepo swali lilipoulizwa. Alinyamaza kwa sababu mume ndiye husemea ukoo, na kwa sababu hakuna mke anayetaka kuwatajia wakwe laana ya kwao. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Abdiqadir, tabibu wa zamu, alimsikiliza Kalekye hadi mwisho. Hakumcheka wala hakummwagia sifa. "Mwalimu, dawa hizi humdhuru hata mtu asiye na urithi huo, zikizidi," alisema. "Kipimo cha DNA kitachukua muda, na mtoto hana muda. Lakini mama na mjomba, wote baada ya sindano? Hapana, sitabahatisha." Akampigia daktari wa watoto, wakazungumza, kisha akamwagiza Habon alete sefotaksimi badala yake. "Hii haigusi ribosomu. Inavunja ukuta wa bakteria, na mitokondria haina ukuta."

"Na ile ya jana?" Kaluki aliuliza.

Abdiqadir alimgeukia. "Kwa watu wa hivyo, hata moja inaweza kudhuru. Inaweza pia isidhuru. Homa ikiisha tutampeleka apimwe masikio kwa mashine."

Kaluki alilia kimyakimya. Kimeu aliketi sakafuni, mwanamume mzima, akashika kichwa. Kalekye alisimama akiogopa kuliko alivyoogopa njiani, maana njiani bado palikuwa na kitu cha kukimbilia.

Homa ilishuka polepole. Siku mtoto alipoanza kunyonya tena, Syombua aliletwa kumwona. Kalekye alimwandikia yote kwenye simu: bakteria aliyemezwa, urithi wa mama, sindano. Syombua alisoma, akarudia kusoma. Kisha akasema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyeisikia mwenyewe, "Basi ni mimi niliyewapa."

"Hukujua, mwaitu," Kalekye alimwambia, akitikisa kichwa ili mama aone.

Syombua alimchukua mjukuu, akamlaza kifuani, akaegemea mto. Hakuna aliyethubutu kupiga makofi kumjaribu mtoto. Wote walikuwa wamelifikiria na wote waliliogopa.

Mara, kwenye korido ya nje, mtu akaangusha kifuniko cha sufuria. Mlio ulipasua wodi nzima. Kaluki alishtuka, Kimeu akageuka. Syombua peke yake hakugeuka. Aliinua uso taratibu, mikono ikiwa imemzingira mtoto, akawatazama mmoja mmoja.

"Mtoto ameruka," alisema. "Kumelia nini?"